Masharti ya bima yamebadilika katikati ya mwaka: umwambie nini mteja ambaye bima yake bado hai?

Swali: Mimi ni wakala wa bima. Kampuni ninayoifanyia kazi imetoa masharti mapya ya bima ya mali za biashara, yanaanza tarehe 1 Julai, na imeniagiza niwatangazie wateja wangu wote. Tangazo waliloniandalia linasema tu "tumeboresha masharti yetu". Wengi wao bima zao bado zina miezi kadhaa. Je, masharti mapya yanawabana kuanzia Julai, au mpaka watakapohuisha? Na mimi niwaandikie nini?

Jibu: Mpaka watakapohuisha. Hilo ndilo jibu kwa bima ya mali ya mwaka mmoja, na linabadilika kwa mambo machache tu: mkataba wenyewe uwe na kifungu kinachoiruhusu kampuni kubadili masharti katikati, au mteja awe amekubali mabadiliko hayo, au sheria iwe imelazimisha. Mteja alilipa ada ya miezi 12 kwa maneno yaliyokuwa kwenye hati siku ile bima ilipoanza. Kampuni haiwezi kumpunguzia kinga aliyokwisha kuilipia kwa kumtumia barua, na mteja akinyamaza, kwa kawaida ukimya wake hauwi ridhaa.

Kwa hiyo "yanaanza tarehe 1 Julai" isomwe hivi: yanahusu mikataba inayoanza au kuhuishwa tarehe 1 Julai na baadaye. Hata soko kubwa hufanya hivyo. Mwaka 2022 soko la bima la Lloyd's la London liliagiza bima za mashambulizi ya kimtandao ziwekewe kifungu kinachotoa nje mashambulizi yanayoungwa mkono na serikali. Agizo lilianza tarehe 31 Machi 2023, lakini lilisema wazi kwamba linatekelezwa mkataba unapoanza au unapohuishwa, na kwamba hakuna ulazima wa kurekebisha mikataba iliyokuwa hai, isipokuwa ile iliyobakiza zaidi ya miezi 12 tangu tarehe hiyo. Kama mteja alihuisha Februari 2023, agizo hilo halikulazimisha mkataba wake uguswe mpaka mwaka uliofuata.

Usiichukue kauli yangu kuwa ndiyo mkataba wa mteja wako, lakini. Chukua hati yake na uanze na jedwali, ule ukurasa wenye jina lake, mali zake na tarehe zake. Mahali fulani humo pameandikwa namba ya masharti yanayotumika, na namba hiyohiyo pamoja na tarehe ya toleo huwa imechapwa kwa herufi ndogo chini ya kila ukurasa wa kitabu cha masharti. Hakikisha zinalingana. Nimeona wateja wenye jedwali la toleo moja na kitabu cha toleo jingine kwenye bahasha moja, na hakuna aliyegundua mpaka siku ya dai.

Kisha tafuta vifungu viwili kwenye masharti ya jumla. Cha kwanza ni cha mabadiliko. Baadhi ya mikataba huruhusu kampuni kubadili masharti kwa notisi ya siku kadhaa. Kama kipo, soma kinataka notisi ipelekwe vipi na kwa nani, kwa sababu tangazo la jumla kwa wakala huenda lisitoshe. Cha pili ni cha kusitisha. Mikataba mingi ya mali huipa kampuni haki ya kuusitisha mkataba kwa notisi na kurudisha ada ya siku zilizobaki. Hapo ndipo kampuni yenye haraka inaweza kupitia: "ukubali masharti mapya au tunasitisha." Hiyo ni haki yake kama kifungu kipo, lakini ni barua tofauti kabisa na uliyopewa, na mteja akiipata ana siku za kutafuta bima kwingine. Usiandike tangazo lako kwa namna ya kumfanya aamini kwamba jambo hilo limekwisha kutokea.

Sasa neno "tumeboresha". Huenda ni kweli kwa sehemu. Toleo jipya karibu siku zote huja na vitu viwili vitatu vizuri mbele na makato nyuma, na makato hayo mara nyingi hayako kwenye orodha ya mambo yasiyofidiwa, ambayo kila mtu huisoma. Yako kwenye tafsiri ya maneno, zile kurasa za mwanzo ambazo watu huziruka. Weka kitabu cha zamani na kipya kando kwa kando, uanzie hapo kwenye tafsiri, ufuate kifungu kwa kifungu. Ni kazi ya jioni nzima na haina njia ya mkato. Utakapomaliza utakuwa na karatasi yenye mambo yaliyoongezwa, yaliyopunguzwa na yale mteja anayotakiwa kuyafanya ambayo zamani hakutakiwa. Kundi hili la tatu ndilo la hatari. Kifungu kipya kinachodai kengele ya wizi ikaguliwe na fundi kila mwaka kinaonekana kidogo, lakini mteja asiyejua hana cheti cha ukaguzi siku ya wizi, na dai lake linaanguka.

Yale yaliyoongezwa hayana shida ya tarehe. Kampuni ikitaka kuwapa wateja wote nafuu hiyo kuanzia Julai bila malipo, inaweza, na kampuni nyingi hufanya hivyo. Iombe kampuni ikuthibitishie kwa maandishi, kisha uwaambie wateja. Makato ndiyo yanayosubiri kuhuishwa.

Nikupe mfano mmoja tuufuate hadi mwisho, kwa sababu swali lako lina mkia ambao hukuuliza. Ni rahisi kusema masharti ya zamani yanatawala hadi kuhuishwa. Ugumu huja hasara inapokuwa haina siku moja.

Mteja ana ghala la karatasi. Bima yake ni ya tarehe 1 Oktoba hadi 30 Septemba. Masharti ya zamani yanafidia uharibifu unaosababishwa na maji yanayotoka kwenye mabomba na matangi ya jengo. Masharti mapya yanafidia hayohayo, ila yameongeza kwamba hayahusu maji yaliyovuja mfululizo kwa siku 14 au zaidi. Mteja anahuisha tarehe 1 Oktoba kwa masharti mapya. Tarehe 20 Oktoba mtunza ghala anasogeza maboksi, anakuta ukuta umeloa na boksi 40 za safu ya chini zimeoza.

Mteja anapiga simu, anajaza fomu ya dai, na penye "tarehe ya hasara" anaandika 20 Oktoba. Ni siku aliyoiona, basi. Mthamini anafika, fundi bomba anasema kiungio kilichoko ndani ya ukuta kimekuwa kikivuja kwa wiki nyingi, na kampuni inakataa dai lote: hasara ya Oktoba, masharti mapya, zaidi ya siku 14.

Kosa liko kwenye ile tarehe. Bima ya mali hulipa hasara iliyotokea ndani ya kipindi cha mkataba, si iliyogunduliwa ndani yake. Tukichukua bili za maji za ghala tunakuta matumizi ya kawaida ni uniti 12 kwa mwezi. Julai zilikuwa 12, Agosti 19, Septemba 24. Shughuli za ghala hazikubadilika. Basi maji yalianza kutoka Agosti, mkataba wa zamani ukiwa hai, na mkataba huo haukuwa na sharti la siku 14. Ukweli kwamba umekwisha muda wake hauuzuii kulipa: hasara iliyotokea kabla ya tarehe 30 Septemba ni yake hata kama imejulikana Oktoba, ilimradi mteja atoe taarifa mara tu anapojua.

Boksi zenyewe zinagawanyika. Leja ya mapokezi ya mzigo inaonyesha boksi 31 ziliingia kabla ya mwisho wa Septemba na 9 ziliingia Oktoba. Zile 9 hazikuwapo ghalani mkataba wa zamani ulipoisha, kwa hiyo ziko chini ya masharti mapya na hazitalipwa. Zile 31 mteja anazidai kwenye mkataba wa zamani, pamoja na ukuta. Kampuni inaweza kuuliza: utajuaje kwamba ziliharibika kabla ya tarehe 30 Septemba na si baada? Ni swali halali. Majibu yako kwenye hali ya vitu: ukungu ulioingia ndani ya karatasi na si juu tu, pete za maji yaliyokauka na kuloana tena ukutani, kutu kwenye msumari wa rafu. Mthamini mzoefu huvisoma. Ndiyo maana mteja asitupe boksi hata moja kabla hazijapigwa picha na kukaguliwa, na kile kiungio kilichotoboka kihifadhiwe kwenye mfuko. Kukarabati kiungio chenyewe, kwa kawaida, ni gharama ya mteja chini ya masharti yote mawili, kwa kuwa kuchakaa hakufidiwi. Kinachofidiwa ni kile maji yalichoharibu.

Angalia pia kwamba masharti ya zamani hayana kifungu kingine cha jumla kuhusu uharibifu unaokuja polepole. Mengi yanacho, na hapo hoja ya mteja inapungua nguvu, ingawa haifi: kifungu chenye utata husomwa kwa faida ya mteja, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyokiandika. Na kama dai litaingia kwenye mikataba miwili, simamia jambo dogo linalosahauliwa: kile kiasi cha mwanzo cha kila hasara ambacho mteja hujilipia mwenyewe kisikatwe mara mbili. Chanzo ni kimoja, kiungio kilekile. Omba lihesabiwe kuwa tukio moja.

Mteja huyu alihitaji kuambiwa nini kabla ya Oktoba? Si kwamba "masharti yameboreshwa". Alihitaji sentensi moja: kuanzia utakapohuisha, maji yanayovuja siku 14 au zaidi hayatalipwa, kwa hiyo kabla ya tarehe 30 Septemba kagua mabomba na linganisha bili zako za maji, na ukiona lolote toa taarifa sasa hivi. Angesogeza maboksi Septemba. Boksi 9 za Oktoba zisingekaa karibu na ukuta ule, na wala kusingekuwa na ubishi wa tarehe.

Kuna mtego mwingine unaokuhusu wewe zaidi kuliko mteja. Kati ya Julai na siku ya kuhuisha, wateja watakuja na maombi madogo: ongeza mashine mpya, badilisha anwani, ongeza jina la benki yenye rehani. Wewe unaingiza nyongeza kwenye mfumo, mfumo unachapa hati nzima upya, na kwa kuwa toleo la zamani limeondolewa kwenye mfumo, hati inatoka na namba ya masharti mapya. Mteja anaweka sahihi kupokea. Hapo ameingizwa kwenye masharti mapya mwezi wa Agosti kwa sababu alinunua mashine. Baada ya tarehe 1 Julai, kila nyongeza inayotoka ilinganishwe na jedwali la awali kabla haijamfikia mteja. Ikiwa namba imebadilika, irudishe na uombe iandikwe kwamba masharti mengine yote yanabaki kama yalivyokuwa. Kama kampuni inasema mfumo wake hauwezi, iandike barua. Mfumo wa kompyuta si mkataba.

Umeuliza kuhusu bima ya mali, lakini ukiwa na wateja wa bima ya dhima ya kitaaluma, yaani wahasibu, wasanifu majengo, washauri na wengineo, usiwatumie barua hiyohiyo. Kwao kanuni ni kinyume. Nyingi ya bima hizo hufuata siku dai linapotolewa dhidi ya mteja, si siku alipofanya kosa. Mhasibu aliyekosea hesabu mwaka 2022, akashtakiwa na mteja wake mwaka 2025, hutazamwa kwa masharti yanayotumika 2025. Akihuisha kwa masharti mapya yenye makato, makato hayo yanarudi nyuma na kufunika kazi zake zote za miaka iliyopita ambazo hazijazaa dai. Kwake kuhuisha si mwanzo wa ukurasa mpya.

Njia ya kumlinda ipo, na ina tarehe ya mwisho. Mikataba mingi ya aina hii humruhusu mteja kutoa taarifa ya jambo linaloweza kuzaa dai hata kabla dai halijaja: barua ya malalamiko, kosa alilolibaini mwenyewe, mteja aliyekataa kulipa akidai kazi ni mbovu. Taarifa hiyo ikifika kabla mkataba wa zamani haujaisha, dai litakalotokea baadaye hutazamwa kwa mkataba wa zamani. Ikifika siku moja baadaye, basi. Na lazima iwe mahsusi: jina la mradi, kosa linaloshukiwa, nani anaweza kudai. Orodha ya wateja wote yenye maneno "huenda wakadai" kampuni huikataa. Mwambie mhasibu huyu apitie mafaili yake wiki 6 kabla ya kuhuisha, si siku ya mwisho, na muulize pia kama tarehe ya nyuma ambayo bima inaanzia kuhesabu kazi zake imebaki ileile kwenye jedwali jipya.

Tukirudi kwa wateja wako wa mali, barua yenyewe. Iandike kwa kila mteja, yenye tarehe yake. Kampuni itakuambia hiyo ni kazi nyingi. Hata hivyo majina na tarehe unazo, na maneno mengine yote ni yaleyale. Mimi ningeandika hivi:

"Ndugu mteja, kampuni imetoa masharti mapya ya bima ya mali za biashara, toleo namba (…). Bima yako ya sasa, toleo namba (…), inaendelea bila mabadiliko hadi tarehe 30 Septemba. Hasara yoyote itakayotokea kabla ya siku hiyo itashughulikiwa kwa masharti uliyonayo sasa. Ukihuisha kuanzia tarehe 1 Oktoba, mambo matatu yatabadilika. Maji yaliyovuja kwa siku 14 au zaidi hayatalipwa, leo yanalipwa. Wizi utalipwa tu kama kengele imekaguliwa na fundi ndani ya miezi 12, na utatakiwa kuonyesha cheti, leo sharti hilo halipo. Gharama za kuondoa kifusi, ambazo leo hazilipwi, zitalipwa. Tafadhali kagua mabomba yako na utoe taarifa ya uvujaji wowote kabla ya tarehe 30 Septemba. Kama hutaki badiliko la kwanza au la pili, niambie kabla ya mwisho wa Agosti ili niiombe kampuni iliondoe kwa ada ya nyongeza, au nikutafutie bima kwingine. Nimeambatisha kurasa zilizobadilika. Naomba unijibu kwa maandishi kwamba umepokea na umesoma."

Utaona nimetaja kilichopungua kabla ya kilichoongezeka, na kila badiliko nimeliweka pamoja na hali ya leo ili lilinganishwe. Sikutumia "huenda" wala "kwa mujibu wa". Pia sikusema kwamba masharti mapya ni mazuri. Hukumu hiyo si yako. Mwenye ghala jipya lenye mabomba ya plastiki hatajali siku 14, mwenye jengo la zamani atajali sana.

Mpe mteja barua angalau siku 60 kabla ya kuhuisha. Cheti cha kengele hakipatikani kwa siku mbili, na kampuni nyingine ikiombwa bei itataka kukagua jengo. Kwa wanaohuisha Julai yenyewe huna siku 60, kwa hiyo hao anza nao leo, kwa simu kwanza halafu barua. Iombe kampuni pia iwape muda wa kutimiza sharti la kengele; miezi 3 ni ombi la kawaida, na likikubaliwa lazima liandikwe kwenye jedwali, kwa sababu ahadi ya mdomo ya afisa haimfungi mthamini.

Wapo watakaokaa kimya. Usiandike kwamba ukimya wao ni kukubali. Piga simu, andika tarehe na mlichozungumza, kisha tuma ujumbe mfupi wa kuthibitisha. Mteja ambaye mali yake imewekwa rehani mkumbushe aangalie mkataba wa mkopo, kwa kuwa baadhi ya benki hudai kinga fulani iwepo muda wote, na kinga ikipungua mteja anakuwa amevunja mkataba mwingine bila kujua.

Kitabu cha masharti ya zamani usikitupe, wala usiache kampuni ikuambie urudishe nakala zote. Hasara ya moto hujulikana usiku uleule, lakini maji ya ukutani na dhima kwa watu wengine huibuka baada ya miaka. Mwaka 2017 virusi vya kompyuta vya NotPetya viliiharibu mifumo ya kampuni ya dawa ya Merck, na kesi yake dhidi ya kampuni za bima, zilizokataa kulipa kwa hoja kwamba lilikuwa tendo la vita, ilikuwa bado iko mahakama ya rufani ya New Jersey mwaka 2023, wakati soko tayari lilikuwa limeandika vifungu vipya vya vita vya kimtandao. Mahakama ilisoma kifungu cha vita kilichokuwa kwenye hati za mwaka ule wa hasara, na Merck ikashinda. Weka basi nakala ya kila toleo ulilowahi kuliuza, ukiandika juu yake tarehe ulipoanza na ulipoacha kulitumia, na kwenye faili la kila mteja andika namba ya toleo kwa kila mwaka aliohuisha.